Alamu uliyotegesha kwa sauti: je, italia simu ikiwa imefungwa?

Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Cheyo, Tabora mjini. Mama mwenye nyumba ana presha ya macho. Daktari amempa matone ya kuweka mara mbili kwa siku, tone moja kila jicho, na kati ya dozi moja na nyingine zipite saa 12. Familia imekubaliana kwamba yatawekwa saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Mama haoni vizuri maandishi ya simu, na watoto hawashindi nyumbani. Kijana wake akamwambia, “Mama, usihangaike. Nitaiambia simu ikukumbushe.”

Matone ya presha ya macho hayarudishi uoni uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kulinda ule uliobaki, na dozi inayorukwa leo haimwumizi mgonjwa wala haimpi dalili yoyote. Ndiyo maana ni dawa rahisi kusahau, na ndiyo maana alamu ya nyumba hii haipaswi kuwa ya kubahatisha.

Siku ile kijana alizungumza na simu, simu ikajibu kwa Kiingereza, naye akaondoka ameridhika. Saa 1 usiku ikafika, kimya. Mama akalala. Saa 7 usiku simu ikaanza kulia, mama akaamka gizani akidhani kumekucha, akaweka matone. Simu haikuwa mbovu. Ilifanya kile hasa ilichoambiwa.

Saa moja ya nani?

Kijana alitamka “one”, kwa sababu kichwani mwake alikuwa na saa 1. Lakini simu huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na magharibi. Tofauti ni saa 6. Saa 1 asubuhi yetu ni 7 ya simu, na saa 1 usiku yetu ni 7 ya simu vilevile. Simu iliposikia “one” ilichukua saa 1 ya Kizungu iliyokuwa karibu kufika, yaani saa 7 usiku kwa hesabu yetu.

Kila mtu anayetazama namba kwenye kioo anafanya hesabu hiyo bila kujua. Anayetamka kwa mdomo ndiye anayenaswa, maana ulimi hutangulia. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza na simu, andika au tamka kwanza saa ya simu: ongeza 6, na ikizidi 12 toa 12. Saa 1 inakuwa 7. Saa 3 inakuwa 9. Saa 8 ukiongeza 6 ni 14. Ukitoa 12 inabaki 2.

Kisha taja nusu ya siku. “A.m.” ni tangu saa 6 usiku hadi kabla ya saa 6 mchana, na “p.m.” ni tangu saa 6 mchana hadi kabla ya saa 6 usiku. Usipoitaja, simu itakuchagulia au itakuuliza, na mtu mwenye haraka hujibu lolote.

Kwa wakazi wa Tabora kuna jambo jingine la kuzingatia. Mkoa wetu uko magharibi, lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, ambako jua hutangulia kuchomoza kwa dakika 25 hivi. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 20 na karibu saa 1 kamili, kutegemea mwezi. Katikati ya mwaka, alamu ya saa 1 asubuhi inaweza kulia wakati jua ndio kwanza linachomoza. Mtu mwenye uoni hafifu anaweza kudhani simu imekosea, akaizima na kurudi kulala. Mwambieni mapema.

Namna ya kuiamuru

Simu nyingi za Android zilizoko mikononi mwa watu hapa hutumia msaidizi wa sauti wa Google. Huitwa kwa kutamka “Hey Google”, au kwa kubonyeza kwa muda kitufe cha kuwashia katika simu ambazo kitufe hicho kimepangiwa kazi hiyo. Kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili kinachotamkwa tangu 2017, na hilo huwafanya watu waamini kwamba amri za alamu nazo zitaeleweka kwa Kiswahili. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuandika maneno ni kazi moja, kutekeleza amri ni kazi nyingine, na katika orodha ya lugha za Google Assistant Kiswahili hakimo. Njia ya uhakika ni sentensi moja fupi ya Kiingereza, itamkwe taratibu:

```
Set an alarm for 7 a.m. every day called medicine
Set an alarm for 7 p.m. every day called medicine
```

Maneno “every day” yana uzito wake. Bila hayo alamu hulia mara moja tu na kujizima. Utaisikia kesho, utafurahi, na keshokutwa haitalia.

Simu ikimaliza husoma muda ilioweka. Hapo ndipo kijana wetu alipoteleza: hakusikiliza jibu. Subiri usikie namba na nusu ya siku. Kama umesikia “seven” na “a.m.”, sawa. Ukisikia namba nyingine, rudia. Halafu fungua programu ya Saa, ile yenye picha ya saa, uzione alamu zote mbili kwa macho yako, na alama ya kila siku ya wiki ikiwa imewashwa. Kama aliyetegesha haoni, amwite mwingine asome. Na kama hakuna mtu, amri hii humtajia alamu inayofuata:

```
When is my next alarm?
```

Kuielewa sauti kunahitaji intaneti katika simu nyingi. Alamu ikishawekwa haihitaji intaneti wala salio la bando. Basi tegesha mahali penye mtandao, kisha peleka simu popote.

Alamu si sawa na kikumbusho

Baada ya kosa la kwanza kijana alirudi akaiambia simu “Remind me”, yaani “nikumbushe”, na safari hii akataja saa 7 kama simu inavyoihesabu. Jioni ile mama alikuwa uani, simu iko mezani. Ilitoa mlio mfupi mmoja, kama wa ujumbe unaoingia, kisha ikanyamaza. Arifa ilikuwepo kwenye kioo, lakini kwa mtu asiyeona kioo, hakikutokea kitu.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu midomoni mwetu alamu na kikumbusho ni kitu kimoja. Ndani ya simu ni vitu viwili. Alamu ni kazi ya programu ya Saa. Hulia mfululizo mpaka izimwe au muda wake uishe, na ina sauti yake yenyewe, tofauti na ya simu inayoingia. Kikumbusho ni arifa tu. Hufuata sauti ya arifa, hunyamazishwa pamoja na arifa nyingine, na hulia mara moja.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana. Tangu Android 6 iliyotoka 2015, simu iliyotulia mahali pamoja, kioo kimezimika na haiko kwenye chaji, huingia usingizini ili kutunza betri. Kazi za programu husimamishwa na kukusanywa, zifanyike kwa pamoja kila baada ya kipindi, na kadiri simu inavyokaa bila kuguswa ndivyo vipindi hivyo vinavyorefuka. Alamu ya programu ya Saa imepewa ruhusa ya pekee: mfumo unajua muda wake na huamka wenyewe. Programu nyingine ya vikumbusho, hasa ile uliyopakua mwenyewe, inaweza kungoja zamu. Kikumbusho cha saa 1 kikaja saa 1 na nusu, au kikaja pale tu mtu anapoishika simu.

Ipo alama ya kutambua. Ukitegesha alamu ya kweli, juu ya kioo hutokea picha ndogo ya saa ya kengele. Kikumbusho cha kawaida hakiweki picha hiyo. Kwa jambo ambalo haliwezi kungoja, kama dawa au treni ya usiku pale stesheni ya Tabora, tegesha alamu. Kikumbusho kitumie kwa mambo ambayo hata ukiyaona baada ya saa moja hakuna kinachoharibika.

Alamu inayosema

Bado mlio wa kawaida una kasoro yake. Unamwambia mama kwamba kuna kitu, haumwambii ni nini. Nyumba ikiwa na alamu ya kuamka, ya dawa na ya kumpokea mjukuu shuleni, zote zikilia kwa mlio mmoja, mtu asiyeona kioo anabaki kubahatisha.

Suluhisho halihitaji kununua chochote. Fungua kinasa sauti cha simu na urekodi maneno yenyewe, kwa lugha anayoizoea msikilizaji, iwe Kiswahili au Kinyamwezi. Mtoto anayemwita mama yake kwa sauti anayoijua huitikiwa haraka kuliko mlio wowote. Kwa nyumba yetu, kijana alirekodi hivi: kwanza akapiga sufuria kwa kijiko mara tano, kisha akasema, “Mama, shikamoo. Ni asubuhi, saa 1. Muda wa matone. Nawa mikono, tone moja kila jicho.” Ya jioni akairekodi peke yake, akataja usiku.

Kugonga sufuria mwanzoni hakukuwa mzaha. Sauti ya mtu anayezungumza taratibu haimwamshi aliyelala fofofo, na redio ikiwa inaongea chumbani inaimeza kabisa. Rekodi isizidi sekunde 15, kwa kuwa simu itairudia tena na tena, na maneno marefu huchelewesha sehemu muhimu.

Kisha nenda kwenye programu ya Saa, gusa alamu ya asubuhi, gusa jina la mlio wake, na katika ukurasa wa `Alarm sound` chagua `Add new`, uitafute rekodi yako. Fanya hivyohivyo kwa alamu ya jioni. Haya ni majina ya programu ya Saa ya Google. Programu ya kampuni nyingine inaweza kuyaita vingine, na simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili huyaonyesha kwa Kiswahili. Hatua hii hufanywa kwa kidole, si kwa sauti, kwa hiyo anayeona ndiye aifanye.

Weka rekodi hiyo kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, si kwenye kadi ya kuchomeka. Kadi ikitolewa, au mtu akifuta faili akidhani ni takataka, maneno hayatasikika tena. Ukisikia siku moja alamu ya dawa imelia kwa mlio wa kawaida, jua kwamba faili halipo mahali pake.

Jaribio la dakika 5 na jaribio la usiku

Neno “kuzima” linachanganya, hivyo tutenganishe hali tatu. Kioo kinaweza kuwa kimezimika tu. Simu inaweza kuwa imefungwa, yaani kioo kimezimika na ukikiwasha inadai namba ya siri au kidole. Au simu inaweza kuwa imezimwa kabisa. Katika hali mbili za kwanza alamu inapaswa kulia. Katika ya tatu, simu nyingi za kisasa hazilii. Baadhi ya simu ndogo za zamani za vitufe zilikuwa zikijiwasha na kulia hata zikiwa zimezimwa, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya wazee wengi wazime simu usiku wakiamini alamu itafanya kazi.

Jaribio la kwanza ni fupi. Iambie simu:

```
Set an alarm in 5 minutes
```

Funga simu kwa kitufe cha pembeni. Iweke pale hasa itakapokuwa siku zote: juu ya kabati, chini ya mto, ndani ya mkoba. Kisha nenda mahali mama anapokuwa saa hizo, uani au jikoni, na usubiri huko. Usiishike. Ikilia ukaisikia kutoka huko, umejua mambo mawili: sauti inatosha, na kufungwa kwa simu hakuizuii.

Ikilia kwa unyonge, tatizo kwa kawaida ni sauti ya alamu yenyewe. Vitufe vya pembeni vinaweza kupandisha sauti ya muziki au ya simu inayoingia huku ya alamu ikibaki chini. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, utafute mstari wa alamu pekee, uupandishe. Isipolia kabisa, tazama hali ya kutosumbuliwa, `Do Not Disturb`. Kwa kawaida huruhusu alamu, lakini mtu anaweza kuwa ameiondoa ruhusa hiyo bila kujua.

Jaribio hili halitoshi. Dakika 5 ni chache mno kwa simu kulala usingizi ule tuliosema. Na ukitembea na simu mfukoni, mtikisiko unaiamsha, kwa hiyo utapata jibu zuri lisilo la kweli. Jaribio la pili lazima lichukue usiku mzima: chomoa chaji, funga simu, iweke mezani, mtu yeyote asiiguse mpaka asubuhi. Aliye macho atazame saa ya ukutani na kuandika dakika ambayo alamu imelia. Ikilia kwa dakika yake, mfumo wako ni mzima. Ikichelewa, au ikilia pale ulipoishika, basi programu unayotumia inazuiwa na utunzaji wa betri.

Hilo huwapata zaidi wanaotumia programu ya kupakua badala ya Saa iliyokuja na simu. Katika mipangilio, fungua programu hiyo, ingia `Battery` na uchague `Unrestricted`. Katika Android 12 na kuendelea ipo pia ruhusa inayoitwa `Alarms & reminders`. Bila hiyo programu hairuhusiwi kulia kwa dakika kamili. Baada ya kubadilisha, rudia jaribio la usiku. Usiamini mpangilio, amini mlio.

Kinachoweza kuharibika baada ya hapo

Jambo la kwanza ni kujizima na kuwaka. Betri ikiisha usiku, umeme ukarudi, mtu akaichaji simu na kuiwasha, simu inakaa ikidai namba ya siri. Programu nzuri za Saa zinaweza kulia hata kabla namba haijaingizwa, nyingine haziwezi mpaka simu ifunguliwe mara moja. Kujua yako ni ya kundi gani, izime kabisa, iwashe, usiingize namba, na ungoje alamu uliyotegesha dakika 10 mbele. Kama haikulia, kuna kanuni moja ya nyumbani: simu ikiwashwa upya, lazima mtu aifungue mara moja.

La pili ni ukomo wa mlio. Katika Saa ya Google, alamu isiyozimwa hunyamaza yenyewe baada ya dakika 10, isipokuwa umebadilisha kwenye `Silence after`. Mama akiwa kwa jirani kwa robo saa, atakuta kimya. Hapo 20 au 25 ni bora.

La tatu ni namna ya kuizima. Mtu asiyeona kioo hupapasa na kubonyeza kitufe chochote. Katika mipangilio ya Saa ipo sehemu ya `Volume buttons`, inayoamua vitufe vya sauti vifanye nini alamu ikilia: vibadili sauti, viiahirishe au viizime. Kwa nyumba yetu kijana alichagua kuahirisha. Sasa mama akibonyeza, mlio unakatika na kurudi baada ya dakika 10, na kwa dakika hizo anaweka matone. Ikirudi naye ameshaweka, humwita mjukuu aizime kwenye kioo, na hapohapo mjukuu huuliza, “Bibi, umeshaweka?”

Kijana aliandika dakika za mlio kwa siku 3 mfululizo, asubuhi na jioni, kwenye karatasi aliyoibandika ukutani. Zote sita zilikuwa saa 1 kamili. Ndipo aliporudi kazini kwake Urambo. Karatasi bado ipo ukutani, na kila simu hiyo inapopata toleo jipya la mfumo au inapobadilishiwa namba ya siri, mjukuu huianza upya kwa usiku mmoja wa jaribio.